Utepe wa Saa Kumi

Hospitalini pale hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bi Itakuwaje, tena mbele ya uso wake, naye aliitika, maana mtu akishachoka huitika jina lolote apewalo.

Kazi yake ilikuwa chumba cha kutakasia vifaa, kule nyuma, kati ya dobi na ngazi za kupandia upasuaji. Chumba chenyewe hakina dirisha la maana, na joto lake humfanya mgeni arudie mlangoni. Vifaa vilikuja vikiwa na damu. Yeye aliviosha, akavikausha, akavihesabu, akavifunga kwa vitambaa viwili, akabandika utepe juu ya furushi, akaviingiza kwenye mashine ya mvuke. Utepe ule una mistari iliyofifia, na mvuke ukiupiga mistari hugeuka myeusi. Ukiuona mweusi, ujue furushi limepita mashineni. Na likishapita, halifunguliwi mpaka mezani kwa daktari. Anayelifungua hapo katikati, hata kwa kuchungulia tu, ameharibu kazi nzima, na furushi hilo halina budi kuanza upya.

Basi Bi Itakuwaje alikuwa mfunguaji. Alikuwa anajua kanuni ile kuliko yeyote, ameifundisha kwa wengine, na bado alifungua. Angeshika furushi lililo tayari, wazo lingekuja: itakuwaje kama nimesahau mkasi? Angelisukuma wazo. Lingerudi na ndugu zake. Itakuwaje kama mkasi umo lakini haukati? Itakuwaje kama daktari amenyoosha mkono na mkasi haumo, na mgonjwa yuko wazi? Mwisho wa yote angefungua. Mkasi ungekuwa umo, umelala pale pale alipoulaza. Naye angefunga tena, huku akijilaani, na kurudisha furushi kwenye mashine, na sista wa upasuaji angepiga simu kuuliza vifaa vimelala wapi.

"Dada yangu," mwenzake wa chumba kile, aliyeitwa Mama Pacha kwa sababu ya wanawe, alimwambia siku moja, "wewe unafanya kazi ya watu wawili, halafu unaifumua ya mmoja."

Lakini kilichomuumiza hakikuwa kazi. Kazi hata ukitukanwa utalala. Kilichomuumiza kilikuwa binti yake, mwanawe wa pekee, aliyekuwa na mimba ya kwanza upande wa pili wa mji. Bi Itakuwaje alimpigia simu alfajiri kuuliza kama mtoto amecheza tumboni. Alimpigia akifika kazini kuuliza kama amekula. Alimpigia tena kumwambia asipande ngazi, na tena kumuuliza kama zile ngazi alizipanda kabla ya kuambiwa. Lisemwalo lipo, alipenda kusema, kama halipo linakuja. Methali hiyo ni ya kweli, ila yeye aliigeuza kitanda akailalia.

Binti alivumilia, akavumilia, hata siku moja akaja mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha jikoni kwa mama yake, tumbo limetangulia mbele, na akasema bila hasira, jambo lililokuwa baya kuliko hasira.

"Mama, nakupenda. Lakini siku yangu ikifika, usije."

"Nisije wapi?"

"Usije kunikalia wodini. Nitakuwa na uchungu wangu, nawe utakuja na hofu zako. Vyote viwili sitaviweza."

Bi Itakuwaje aliinuka. Aliosha kikombe kilichokuwa safi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye alikuwa anazuiwa kuujua. Alilia baada ya binti kuondoka, akalia akiwa amesimama, kwa sababu hata kukaa aliona kazi.

Mama Pacha ndiye aliyempeleka kwa mshauri. Tuseme alimsukuma. Chumba cha mshauri kilitazamana na kliniki ya macho, na Bi Itakuwaje, kwa aibu ya kuonekana na wenzake, alikaa kwenye foleni ya macho asubuhi nzima, akisogea kiti kwa kiti, mpaka muuguzi akamwambia asome herufi ukutani. Akazisoma zote. Akaambiwa macho yake ni mazima, mama, nenda zako. Ndipo akavuka ukumbi.

Mshauri alikuwa msichana wa umri wa binti yake, chai yake imepoa mezani, na sura ya mtu aliyesikiliza watu tangu kulipokucha. Alimwacha mgeni aseme yote. Ilichukua muda. Alipomaliza, mshauri hakumwambia aache kuwa na wasiwasi, na kwa hilo tu Bi Itakuwaje alitaka kumbusu mkono.

"Umejaribu kuyafukuza mawazo haya?"

"Kila siku. Nikiyafukuza yanarudi na wageni."

"Basi usiyafukuze. Yape miadi."

Bi Itakuwaje alimtazama kama anamtazama mtu anayemuuzia kitu.

"Chagua saa yoyote ya mchana," mshauri akaendelea, "iwe ile ile kila siku, na mahali pale pale. Dakika ishirini zinatosha. Hapo ndipo utakapohofia, tena uhofie barabara. Wazo likija kabla ya saa hiyo, liandike kwa neno moja, uliambie: nimekusikia, tuonane baadaye. Halafu rudisha macho na mikono kwenye kazi uliyoishika. Litarudi. Nawe utarudisha tena, bila kujigombeza."

"Na saa ikifika?"

"Unayatoa moja moja, unaliuliza kila moja: wewe upo, au unasema huenda ukawepo? Kama lipo na kuna la kufanya, amua hatua ya kwanza na utaifanya lini. Kama ni la huenda, likalie tu. Liache liseme mpaka mwisho, usilijibu, usilikimbie. Mengine utakuta yamekufa yenyewe kabla hujafika. Kengele ikilia, unainuka, unashika kazi nyingine."

"Si bora nifanye usiku, nikiwa kitandani nimetulia?"

"Hapana. Kitanda nacho kitajifunza kuhofia." Mshauri akatabasamu kwa uchovu. "Na jambo la mwisho. Hii ni kwa ajili ya yale yanayoanza na itakuwaje. Nyumba ikiwaka moto huandiki 'moto' ukangoja saa yako. Unachukua ndoo."

Bi Itakuwaje alicheka. Nani asiyelijua hilo?

Alichagua saa kumi. Saa hiyo mzigo wa mwisho wa mchana huwa ndani ya mashine, mlango umejifunga, na hata angetaka kufungua asingeweza. Alichagua benchi la nyuma ya dobi, pale panaponuka sabuni. Daftari hakutaka, maana mikono yake ilikuwa na maji muda wote. Akawa anakata kipande cha utepe wa mafurushi, anaandika neno kwa penseli, anakibandika kifuani kwenye aproni. Siku ya kwanza alirudi nyumbani, tuseme ukweli, akionekana kama ukuta wa matangazo.

"Leo umevaa nishani," Mama Pacha alimtania. "Umepigana vita gani?"

Wiki ya kwanza ilimtesa. Alihofia kwamba atasahau kuhofia. Akikaa benchini mawazo yaligoma kuja, na kengele ikilia yalikuja mbio. Mara mbili alifungua furushi hata baada ya kuandika. Aliporudi kwa mshauri kulalamika, aliambiwa ndivyo inavyokuwa, endelea. Jibu hilo halikumfurahisha, lakini aliendelea, kwa sababu hakuwa na jingine.

Halafu, polepole, kitu kikalegea. Alikaa benchini akabandua "boila", akakuta boila ya kuchemshia maji ya mvuke imenguruma siku nzima bila kulipuka. Akabandua "ngazi", akasikia aibu kidogo, akaikunja. Yapo yaliyokuwa bado na meno. Hayo aliyakalia, moyo ukimwenda mbio, mpaka nayo yakachoka. Kwenye meza yake mafurushi yalianza kubaki yamefungwa. Na simu kwa binti zikapungua, mpaka ikawa moja tu, jioni, ya salamu. Hakuona furaha, ni kwamba tu ule uchovu wake wa zamani ulikuwa umepunguziwa mzigo mmoja, na mtu aliyebeba muda mrefu huutafuta mzigo kwanza kabla ya kushukuru.

Alikuwa na tumaini moja ambalo hakulitamka. Binti akiona mama yake ametulia, huenda akasema: njoo.

Mimba ilipokaribia kutimia, asubuhi moja binti alipiga simu mwenyewe. Bi Itakuwaje alikuwa anahesabu seti ya upasuaji wa uzazi, simu ameibana kwa bega. Binti alikuwa anapiga soga tu: kitanda cha mtoto, rangi ya pazia, mume wake aliyeunguza uji.

"Ila kichwa kinanigonga tangu jana," akasema katikati. "Na leo naona kama vimulimuli mbele ya macho. Hata pete imegoma kutoka, vidole vimejaa."

Kwenye koo la Bi Itakuwaje maswali yalipanga foleni. Akayameza. Hii ndiyo siku ya kuonyesha, akajiambia.

"Pole mwanangu. Pumzika."

Kisha binti akacheka, kicheko cha mtu aliyefunguliwa mkanda. "Hee, mama! Hujaniuliza hata swali moja. Ni wewe kweli?"

"Ni mimi."

"Nimefurahi, mama."

Bi Itakuwaje alikata utepe, akaandika "kichwa", akaubandika kifuani, akarudi kwenye hesabu yake. Alifunga seti ile, akaiingiza mashineni, na siku nzima maneno yale mawili, nimefurahi mama, yalimtembeza kama viatu vipya. Neno la utepe lilimgongagonga kifuani. Kila lilipogonga alilijibu kwa adabu: tuonane saa kumi.

Saa kumi ikafika. Mzigo ukaingia, mlango ukajifunga. Akakaa benchini, akategesha kengele ya simu, akavibandua vipande vyake na kuvipanga pajani. "Vibano." Hilo ni la huenda, akalikalia, likaisha. "Mkwe", maana mkwe wake huendesha pikipiki kama amekopeshwa roho. La huenda. Akalikalia. Kisha akashika "kichwa".

Wewe upo, au unasema huenda ukawepo?

Akalisoma tena neno lile. Kichwa kilikuwepo. Vimulimuli vilikuwepo. Vidole vilivyovimba vilikuwepo tangu asubuhi, alivisikia kwa masikio yake, mtu aliyefanya kazi hospitalini tangu ujana, aliyekwisha kuona akina mama wangapi wakiletwa kwa machela kwa dalili hizo hizo, presha imepanda, wengine tayari wana degedege. Nyumba ilikuwa inawaka moto, naye ameandika "moto" na kuubandika kifuani.

Hakungoja kengele.

"Mwanangu, kichwa vipi?"

"Nimelala, mama. Bado. Na hapa chini ya kifua panabana."

Alitaka kupiga kelele. Alivuta pumzi, akasema polepole kama anayesoma ubao. "Nisikilize. Hii siyo itakuwaje. Hii ipo. Hizo ni dalili za presha ya mimba, na hazingoji. Mwambie mumeo aombe gari la jirani, mje hapa sasa hivi. Mimi nitakuwa mlangoni."

Alijiandaa kubishiwa. Ndiyo yale yale, mama. Alikuwa ameshazoea kusikia hivyo. Badala yake alisikia kitanda kikilia, na sauti ya binti imekuwa ndogo kama ya utotoni.

"Tunakuja."

Walikuja. Presha ilikuwa juu kiasi kwamba muuguzi aliipima upya kwenye mkono wa pili, akaita daktari. Wakamchoma sindano za kuzuia degedege na za kuishusha presha, na baada ya muda daktari akatoka akasema kwamba dawa ya kweli ni mtoto atoke, na kwa hali ilivyo atatoka kwa upasuaji, jioni hii hii. Binti alipitishwa kwenye kitanda cha magurudumu. Alimshika mama yake mkono, uso umemvimba, akataka kusema jambo, wakampeleka.

Mlango wa upasuaji haupitishi mama wa mtu. Bi Itakuwaje alisimama kidogo mbele yake, kisha akashuka ngazi, kwa sababu Mama Pacha alikuwa peke yake chumbani na yeye mwenyewe miguu yake haikujua pengine pa kwenda.

Simu ya ukutani ikalia. Mama Pacha akapokea, akamtazama.

"Sista anataka seti ya uzazi. Haraka."

Rafuni ilikuwepo moja. Nyingine zote zilikuwa ndani ya mashine, kwenye mzigo wa jioni. Na hiyo moja ilikuwa ya asubuhi, aliyoihesabu simu ikiwa begani, masikio kwa binti na macho kwenye vyuma. Aliishika mikononi. Mistari ya utepe ilikuwa myeusi, saini yake pembeni.

Itakuwaje kama nilikosea hesabu? Nilikuwa nasikiliza habari za pazia. Itakuwaje kama daktari amenyoosha mkono na mkasi haumo, na aliyelala pale ni mwanangu?

Kidole chake kilikuwa tayari kimeinua ncha ya utepe. Angeufungua, angejua. Ni kufumba na kufumbua. Na akifungua, seti hii imekwisha, na nyingine mpaka mashine imalize, na mwanawe anangoja juu huku presha inapanda.

"Dada," Mama Pacha alisema taratibu.

Bi Itakuwaje alijiuliza lile swali, kwa sauti, mbele ya mwenzake. "Upo, au huenda?" Machozi yalikuwa yanamshuka. Asubuhi ile, licha ya simu, mikono yake ilikuwa imefanya kile ambacho imefanya maisha yake yote. Kikaratasi cha hesabu alikijaza kifaa kwa kifaa. Huenda. Hili lilikuwa la huenda tu, japo lilikuwa na meno kuliko yote aliyowahi kuyakalia. Akaibana ile ncha ya utepe kwa kidole gumba mpaka ikalala. Akakata kipande kingine kwenye roli, akaandika "mkasi", akakibandika kifuani. Kisha akapanda ngazi mwenyewe na furushi, akalipitisha dirishani kwa sista likiwa zima.

"Saa kumi ya leo imepita," aliliambia neno lile alipokuwa anashuka. "Tuonane kesho."

Lilimgonga kila ngazi. Alikaa kwenye ngazi ya mwisho, na hapo ndipo sista alipomkuta. Mkasi ulikuwa umo. Sista hakulisema hilo, kwa sababu hakuna anayesema mkasi ulikuwa umo. Alisema ni msichana, mdogo lakini anapiga kelele, na mama yake anaendelea vizuri.

Kesho yake mchana Bi Itakuwaje aliingia wodini kwa kunyata, akasimama mbali na kitanda. Hakuwa amesahau alichoambiwa jikoni kwake. Alikuwa amekuja kusema jambo moja aondoke.

"Uliniambia asubuhi," alisema. "Nami nikaliandika, nikaliweka. Nilitaka unione nimetulia. Ningekupoteza, mwanangu, kwa kutaka sifa."

Binti alikuwa amechoka kupita kiasi, bado kuna mrija mkononi, mtoto amelala kifuani pake. Alifikiri kwanza.

"Ungeniambia zamani, wakati ule unapiga kila saa, nisingekuja, mama. Nilikuwa naiacha simu ilie. Jana ulipiga mara moja tu." Alimfunika mtoto mgongo. "Nilijua hii ipo."

Bi Itakuwaje alivuta kiti. Hakuulizwa, na hakufukuzwa. Walikaa hivyo, wakimtazama mtoto anavyokunja uso kama mtu aliyeletewa habari asizozitaka. Muuguzi alipita, akamsikiliza mtoto kifua, akasema yuko vizuri, akaenda zake. Binti hakuondoa macho.

"Mama."

"Naam."

"Itakuwaje kama ataacha kupumua nikiwa nimelala?"

Mwana hutazama kisogo cha nina, na Bi Itakuwaje alisikia kisogo chake kikimuuma. Alikuwa na majibu mengi, na nyuma ya kila jibu palikuwa na swali jingine, aliujua ukoo wao wote. Hakutoa hata moja. Aliingiza mkono mfukoni mwa aproni, akatoa roli la utepe na kipande cha penseli, akakata, akampa.

"Andika neno moja tu."

Binti aliutazama utepe, akautazama na ule uliokuwa kifuani kwa mama yake, ulioandikwa "mkasi". Akaandika "pumzi", kwa herufi zilizolegea, akaubandika kwenye ukingo wa shuka.

"Halafu?"

"Halafu mnyonyeshe, anaamka. Saa kumi tutalitazama."

Binti alimsogeza mtoto kwenye titi. Ilichukua muda kupata mkao, kidonda kilimuuma, akauma midomo. Mtoto aliposhika, yeye alifumba macho, na bila kuyafumbua akanyoosha mkono usio na mrija, akaukamata upindo wa aproni ya mama yake.

"Hiyo saa kumi," aliuliza, "utakuwepo?"

"Nitakuwepo," alisema Bi Itakuwaje.